Tiketi inasema Katpadi, spitali iko Vellore: tushuke wapi?

"Mwezi ujao nampeleka mama Vellore, India, kwa matibabu. Tiketi ya treni tuliyokatiwa na wakala inasema MGR CHENNAI CTL hadi KATPADI JN, Vellore haimo kabisa. Jirani yetu hapa Wete aliyekwenda zamani anasema stesheni ya kupandia inaitwa Madras Central. Kwenye simu nimeona Vellore Cantt, na nyengine Chennai Egmore. Nimeambiwa tena mabango ya kule yameandikwa kwa maandishi yao. Kiingereza changu cha kubabaisha, na mama hawezi kutembea sana. Nitajuaje kuwa hapa ndipo?"

Tiketi yako ni sahihi, mwanangu. Usiibadilishe. Katpadi ndiyo stesheni ya Vellore.

Mji wa Vellore uko upande wa kusini wa mto Palar, na njia kuu ya reli inayotoka Chennai kwenda Bengaluru inapita kaskazini ya mto huo. Treni kubwa haziingii mjini. Zinasimama Katpadi, na kutoka hapo watu wanachukua teksi, bajaji au basi, wanavuka daraja, na baada ya kilomita chache wamefika. Wewe ni mtu wa Wete, jambo hili unalijua kwa njia nyengine: mgeni wako akitoka Unguja kwa boti, akishushwa Mkoani, hasemi kwamba amepotea. Anajua kwamba boti inaishia Mkoani na Wete inafikwa kwa gari. Basi Katpadi ni Mkoani ya Vellore.

Vellore Cantt uliyoiona kwenye simu nayo ipo kweli. Iko ndani ya mji, ila imo kwenye tawi la reli linalotoka Katpadi kuelekea kusini, mpaka Villupuram, na treni zinazopita huko ni chache. Mtu anayekatia tiketi kwa kutafuta neno "Vellore" huletewa hiyo na akadhani ndiyo peke yake. Wakala wako alijua anachokifanya.

Madras Central aliyokutajia jirani na MGR Chennai Central iliyomo kwenye tiketi ni jengo moja, mlango mmoja. Lakini Chennai Egmore ni stesheni nyengine kabisa, mbali kiasi kwamba mwenye mgonjwa na mabegi hawezi kwenda kwa miguu akaiwahi treni. Nitarudi hapo, maana ndipo wengi wetu wanapoangukia.

Kwanza nataka ujue kwa nini majina haya yana sura nyingi, kwa sababu ukishajua sababu yake, utaweza kuyalinganisha wewe mwenyewe hata kwa stesheni ambayo mimi sikuitaja.

Sababu moja ni kwamba miji imebadilishwa majina. Madras ikawa Chennai mwaka 1996. Bombay ilishakuwa Mumbai mwaka mmoja kabla yake, na Bangalore ikawa Bengaluru mwaka 2014. Mwaka 2019 stesheni kuu ya Chennai ikapewa jina la M.G. Ramachandran, mcheza filamu aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa jimbo la Tamil Nadu. Jina kamili lililoko kwenye jengo ni refu, linaanza na "Puratchi Thalaivar Dr. M.G. Ramachandran", na mtu asiyejua akilisoma anasema hii siyo Central ninayoitafuta. Ndiyo hiyo hiyo. Tiketi haina nafasi ya jina lote, kwa hiyo wamelibana likawa MGR CHENNAI CTL. Hiyo CTL ni Central, na JN unayoiona baada ya Katpadi maana yake ni makutano ya reli. Siyo sehemu ya jina. Ukisikia mtu anasema Katpadi tu, na bango likasema Katpadi Junction, hakuna tofauti. Dereva wa teksi wa Chennai hatakuelewa haraka ukimwambia jina refu. Mwambie "Central" akuelewe.

Sababu ya pili iko kwenye sauti, na hii inatuhusu sana sisi wasomaji wa Kiswahili. Kitamil, lugha ya Chennai na Vellore, kina sauti ambazo herufi za Kirumi hazina, na kila mwandishi amezipachika kwa namna yake. Sisi tukiona "th" tunaisoma kama ile ya "thelathini", na "dh" kama ya "dhahabu", kwa kuwa masikio yetu yamelelewa na Kiarabu. Kule India ya kusini "th" ni "t" laini tu, ulimi ukigusa meno. Ndiyo maana mji mmoja ulioko njiani mwako unaweza kuuona umeandikwa Tiruvallur pahala pamoja na Thiruvallur pahala pengine, na Gudiyattam ukaiona Gudiyatham. Anayesoma kwa Kiswahili anaona maneno mawili. Mtamil anaona moja.

Basi shika kanuni hii unapolinganisha: "h" inayokuja baada ya "t" au "d" iondoe, herufi zilizorudiwa mara mbili zihesabu moja, "oo" isome "u" na "ee" isome "i". Ukimaliza, majina yanakutana. Mwisho wa majina mengi utakuta "ur" au "ore", na hayo ni neno moja la Kitamil lenye maana ya mji au kijiji. Vellore kwa Kitamil inatamkwa Veluur. Mtangazaji wa stesheni akisema "Veluur", usidhani ametaja mji mwengine.

Kuna herufi moja ya Kitamil ambayo imewashinda wageni tangu enzi za Waingereza. Ulimi unakunjwa nyuma, sauti inatoka baina ya "r" na "l". Siku hizi wanaiandika "zh", lakini hakuna "z" ndani yake. Stesheni ya Egmore kwa Kitamil ni Ezhumbur. Waingereza walipolisikia jina hilo wakaandika Egmore, na mpaka leo bango la Kirumi linasema Egmore na mstari wa Kitamil juu yake unasema Ezhumbur. Hayafanani hata kidogo, na ni stesheni moja. Kozhikode na Calicut ni hadithi hiyo hiyo, mji ambao wazee wetu wa majahazi wakiujua kwa jina la Kalikuti.

Sasa maandishi yenyewe. Mabango makubwa ya stesheni za India ni ya rangi ya manjano, maandishi meusi, yamesimama kwenye ncha mbili za jukwaa. Jina linaandikwa mara tatu: kwa maandishi ya jimbo, kwa Kihindi na kwa herufi za Kirumi. Huko unakokwenda mstari wa jimbo ni Kitamil na aghalabu uko juu. Kwa hiyo hiyo khofu ya kukuta maandishi usiyoyajua peke yake ipunguze. Mstari wa Kirumi upo, tazama wa chini kabisa. Chini yake zaidi unaweza kuona tarakimu ndogo zenye herufi MSL. Hizo ni kimo cha stesheni kutoka usawa wa bahari. Wapo waliozidhania namba ya jukwaa wakaanza kuhangaika.

Kutofautisha Kitamil na Kihindi ni rahisi. Kihindi kina mstari mmoja ulionyooka juu, na herufi zinaning'inia kama nguo kwenye kamba. Kitamil hakina kamba. Herufi zimesimama moja moja, na nyingi zina mviringo.

Ningependa ulijue jina la Katpadi kwa Kitamil, si kwa kuwa ni lazima, bali kwa kuwa ubao wa taa ndani ya stesheni huwa unageuza lugha kila baada ya sekunde kadhaa, na mara nyingi ukiutazama ndiyo zamu ya Kitamil. Jina ni hili:

காட்பாடி

Litazame taratibu. Lina sehemu nne. Ya kwanza கா ni "kaa", na ya tatu பா ni "paa". Zote mbili zinafuatwa na kijiti kile kile kilichopinda juu, nacho ndicho kinachorefusha "a". Sehemu ya pili ட் ina umbo kama la L na kitone juu. Kitone hicho kinafanya kazi ya sukuni yetu: kinaiondolea herufi irabu, ibaki "t" peke yake. Na sehemu ya nne டி ni herufi ile ile ya umbo la L, safari hii imevishwa kipinde cha "i". Hapo inasomwa "di".

Umeona? Herufi moja, mara "t" mara "d". Kitamil hakina herufi mbili kwa sauti hizo. Msomaji anajua kutokana na pahala ilipokaa. "K" na "g" nazo zina herufi moja, na "p" na "b" vile vile. Hili lisikushangaze wewe uliyesoma chuoni. Wazee wetu walipoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hawakuwa na "p", wakaandika Pemba kwa herufi ya be, na aliyepokea barua akasoma Pemba bila ya kubabaika. Ndiyo maana utakutana na jina la mji wa Kitamil lenye "t" kwenye tiketi na "d" kwenye kibao cha duka, au "k" huku na "g" kule. Hizo ni jozi za kusameheana. Ukiona tofauti ya "t" kwa "d", "k" kwa "g", "p" kwa "b", hesabu kwamba ni jina moja mpaka herufi nyengine zikukanushe.

Lakini kulinganisha majina kwa sauti kuna mpaka wake. Kitakachokuthibitishia ni zile herufi kubwa zinazofuata jina kwenye tiketi, ndani ya mabano. Itazame tena tiketi yako. Baada ya MGR CHENNAI CTL utaona MAS. Baada ya KATPADI JN utaona KPD. Hizo ni herufi za stesheni, na hakuna stesheni mbili India zenye herufi zile zile. MAS imetokana na Madras. Mji umeacha kuitwa hivyo, stesheni nayo imebadilishwa jina, na MAS imebaki pale pale. Kwa hiyo jirani yako anayesema Madras Central na wakala anayesema MGR Chennai Central wote wanasema MAS.

Usijaribu kuzikisia kwa kutazama jina, maana nyengine hazifanani nalo. Arakkonam, utakayoipita njiani, ni AJJ. Stesheni kubwa ya Bengaluru ni SBC. Na nadra sana herufi zenyewe hubadilishwa: stesheni ya Mumbai iliyokuwa Victoria Terminus ilikuwa CSTM, siku hizi ni CSMT, na Mumbai Central iliyokuwa BCT sasa ni MMCT. Karatasi ya zamani ya mtu mwengine isiwe ndiyo kitabu chako. Soma tiketi yako wewe.

Sasa turudi Egmore. Herufi zake ni MS. Chennai Central ni MAS. Herufi moja tu imezidi, na ndiyo inayoamua teksi iende upande gani wa mji. Miaka ya nyuma nilimsindikiza mgonjwa mmoja, na aliyetukatia tiketi alituambia kwa simu "mnapanda Chennai". Tulikwenda Central tukakaa, tukatazama ubao wa taa, treni yetu haimo. Nilipoitoa tiketi nikaitazama ndani ya mabano nikaona MS. Tulipofika Egmore treni ilikwishaondoka, na mgonjwa alilazimika kusubiri mpaka usiku kwenye benchi. Tangu siku hiyo simpi mtu tiketi mkononi mpaka tuzisome herufi pamoja, yeye akinitajia na mimi nikimtajia.

Kwenye tiketi iliyokatwa mtandaoni kuna pahala patatu pa kusoma: "Booked From", "Boarding At" na "To". Ya kwanza ni stesheni ambayo nauli imehesabiwa kutoka hapo. Ya pili ndiyo unayopandia. Mara nyingi zinafanana, lakini wakala anaweza kuziweka tofauti, na ikiwa hivyo wewe unafuata "Boarding At". Ya tatu ndiyo unayoshukia. Andika MAS na KPD kwa kalamu nene kwenye karatasi, na chini ya KPD liandike jina la Kitamil nililokuonyesha. Karatasi hiyo iwe mfukoni, kwa sababu simu huzima.

Ukifika Central utaona pembeni jengo jengine liitwalo Moore Market Complex. Huko ndiko zinakotoka treni za mjini zinazosimama kila kituo. Yako ni ya safari ndefu, inatoka kwenye jengo kubwa. Kwenye ubao usitafute neno Katpadi, maana ubao unaandika mwisho wa treni, na Katpadi si mwisho, ni njiani tu. Treni yako inaweza kuandikwa Bengaluru, au Coimbatore, au Thiruvananthapuram. Tafuta namba ya treni, ile ya tarakimu 5 iliyomo kwenye tiketi. Tarakimu hazibadiliki kwa lugha. Zisome zote, hasa ya mwisho, kwa sababu treni ya kwenda na ile ya kurudi kwa kawaida zina namba zinazofuatana. Brindavan Express, kwa mfano, ikitoka Chennai kwenda Bengaluru ni 12639, na ikirudi ni 12640.

Sasa mmepanda, mama amekaa. Nitakupitisha njiani. Tuseme tiketi inasema treni inaondoka 07:30 na inafika Katpadi 09:25. Hizi ni saa za mfano. Zako ndizo zilizoandikwa kwako. Kabla ya yote, saa hizo zinahesabiwa kuanzia usiku wa manane, siyo kwa hesabu yetu. 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi. Ingekuwa 21:15 ingekuwa saa tatu na robo usiku. Tena India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Simu iliyobaki na saa ya Pemba itakuambia ni saa kumi na moja alfajiri wakati treni inaondoka, na mtu anayetegemea saa kujua kama amekaribia atashuka pasipo pake. Tazama kwamba simu imeshika saa ya India kabla ya kutoka uwanja wa ndege.

Kutoka Chennai mpaka Katpadi ni kama kilomita 130, na treni ya haraka huchukua karibu saa mbili. Stesheni zinafuatana hivi: Perambur, Tiruvallur, Arakkonam, Sholinghur, Walajah Road, kisha Katpadi. Treni yako haitasimama zote, lakini utazipita zote, na mabango ya manjano utayaona dirishani. Arakkonam iko karibu na nusu ya njia, na ni stesheni kubwa, reli nyingi zinagawika hapo. Ukiiona, jua umebakisha saa moja hivi. Tazama umeipita saa ngapi na ilitakiwa uipite saa ngapi. Ikiwa imechelewa dakika 20, basi na Katpadi itegemee kuchelewa kiasi hicho.

Walajah Road ndiyo kengele yako. Neno Road kwenye majina ya stesheni za India maana yake mji wenyewe uko mbali kidogo na reli, na stesheni ipo kwa ajili yake. Siyo jina la barabara. Ukiliona bango hilo, mwambie mama avae viatu, teremsha mabegi, sogeeni taratibu karibu na mlango. Usisubiri kuliona bango la Katpadi ndiyo uanze kuinuka. Treni nyingi zinasimama hapo dakika chache tu, nyengine 2, na mgonjwa anayejikongoja hawezi kutoka katikati ya behewa kwa muda huo huku abiria wengine wakipanda.

Jambo jengine la kuangalia: treni inaweza kusimama kabla ya stesheni kusubiri njia. Ukitazama nje ukaona kokoto na majani, hakuna jukwaa, basi hujafika, hata kama saa imetimia na watu wamesimama. Shuka penye jukwaa tu. Na behewa lenu likisimama katikati ya jukwaa, bango kubwa hamtaliona, kwa kuwa liko kwenye ncha. Tafuta vibao vidogo vinavyoning'inia chini ya paa la jukwaa. Usiku, na hasa kwenye mabehewa ya viyoyozi ambayo vioo vyake ni vya giza, hata hivyo vidogo havionekani vizuri. Ndiyo maana nasisitiza kuhesabu stesheni zilizotangulia kuliko kungojea ya mwisho. Kama una data kwenye simu, fungua ukurasa wa shirika la reli unaoitwa NTES, uandike namba ya treni, utaonyeshwa imepita stesheni gani ya mwisho, na herufi za stesheni zimo pembeni ya majina.

Ukiona Gudiyattam au Ambur, mmepita. Msiruke wala msivute mnyororo wa dharura kwa sababu hiyo. Kuuvuta bila ya sababu inayokubalika ni kosa la kisheria kule. Mwendeeni mkaguzi wa tiketi, muonyesheni KPD, naye atawaambia treni inasimama wapi mbele na mrudi kwa treni gani. Ni usumbufu wa saa chache.

Kuna mambo mawili ambayo mimi kwa maandishi siwezi kukumalizia, na nataka uyapate kwa mtu ana kwa ana au kwa simu kabla hamjaondoka Pemba. La kwanza ni barua ya spitali. Kama mnakwenda CMC, someni barua kwa makini mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu spitali hiyo ina zaidi ya pahala pamoja pa kutibia: iliyo ndani ya mji wa Vellore, na nyengine kubwa iliyofunguliwa miaka ya karibuni upande wa Ranipet. Ikiwa barua yako inataja Ranipet, waulize spitali wenyewe mshuke stesheni gani na mchukue gari gani. La pili ni tiketi ya kurudi. Rudi kwa wakala, usipige simu, nenda na karatasi, mzisome pamoja herufi za stesheni ya mwisho. Zipo treni zinazotoka magharibi kwenda kaskazini ya India ambazo haziingii Chennai Central. Zinasimama Perambur, herufi zake PER, kisha zinaendelea zake. Tiketi ikisema PER si kosa, ila teksi ya uwanja wa ndege lazima mjue mnaichukulia wapi.

Na kwa mama: ukifika Central usianze kutafuta jukwaa huku umemshika mkono. Mketishe, nenda dirisha la maulizo na tiketi, omba kiti cha magurudumu na mchukuzi. Mchukuzi muonyeshe namba ya treni na namba ya behewa, ukubaliane naye bei kabla hajagusa begi. Yeye anajua behewa lako litasimama sehemu gani ya jukwaa, na hilo ndilo linalomchosha mgonjwa kuliko safari yenyewe. Mkiwa ndani ya treni, mkikwama kwa lolote, piga 139, namba ya msaada ya reli ya India. Kiingereza chako cha kubabaisha kinatosha kutaja namba ya treni na kusema "KPD".

Na jirani aliyekaa mbele yako muonyeshe ile karatasi mapema, mkishatulia tu baada ya Chennai. Njia hiyo wagonjwa wa Vellore wanapita kila siku, na mara nyingi nimeona abiria wenyewe wakimgusa mgeni begani treni ikipita Walajah Road.